Rekodi ya ukaguzi kiwandani: hoja ni ipi, iko wapi, na nani kaomba nini

Siku hizi wakaguzi wengi wa ubora hawatembei na daftari tu, wanawasha rekoda ya simu au mtu mmoja anashika kamera, wanaingia kiwandani wanaongea huku wanatembea, alafu jioni faili linarushwa kwa mtu aliyebaki ofisini na ujumbe mfupi: "Nitolee matatizo, yako wapi, na tumewaambia wafanye nini. Kesho asubuhi." Vitu vitatu tu. Ukiangalia haraka unaona ni kazi ya kuandika alichosema mkaguzi, basi. Ila ukianza kusikiliza ndo unagundua kwamba mkaguzi hasemi hoja, yaani tatizo lenyewe kama litakavyoandikwa kwenye ripoti, anasema "aisee, hii vipi?", na mahali hapataji maana anapanyooshea kidole, na kile anachoomba kifanyike anakiomba kwa adabu mpaka hujui kama ni agizo au ni maongezi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho, kiwanda cha maji ya chupa upande wa Vingunguti, nimebadilisha vitu viwili vitatu kisitambulike. Rekodi ni ya video, ina dakika 52, wanaosikika ni watatu: mkaguzi (dada mmoja ametumwa na kampuni kubwa inayotaka kununua maji kwa jina lake, kwa hiyo ni ukaguzi wa mteja, sio wa serikali), supavaiza wa uzalishaji ambaye ni mtu mzima, na kijana wa kwaliti. Opereta mmoja mmoja wanaingilia kati wakiulizwa.

Kitu cha kwanza, sikiliza faili lote kabla hujaandika hoja hata moja. Najua inachosha, dakika 52 na kelele za kompresa. Ila sababu ni ya msingi kabisa. Kwenye rekodi hii, dakika ya 7 mkaguzi anasema geji ya presha kwenye chujio haina stika ya kalibresheni, ile inayoonyesha geji imehakikiwa kwamba inapima sawasawa. Mtu anayeandika huku anasikiliza anaiweka hoja namba mbili, anasonga mbele. Kumbe dakika ya 41, wakiwa ofisi ya kwaliti, kijana anatoa faili la vyeti, mkaguzi anasoma namba ya geji, anaona cheti bado hakijaisha muda, anasema "haya, hiyo nimeiridhia, stika tu ilibanduka, irudishieni". Hoja imebadilika sura yote. Sio tena geji isiyo na kalibresheni, ni stika iliyobanduka, na kilichoombwa ni stika irudishwe. Ukipeleka ya dakika ya 7 peke yake, kesho meneja wa kiwanda atapiga simu na cheti mkononi, na hapo hata hoja zako nyingine zilizo sahihi zinaanza kutiliwa shaka.

Raundi ya kwanza kwa hiyo ni ya kuweka alama tu. Mimi naandika dakika na maneno matatu manne: 04:10 wanaingia chujio, 09:30 chumba cha taa ya UV, 15:00 chumba cha kujazia, 23:00 lebo, 29:00 stoo, 38:00 ofisi. Hiyo ndo ramani yangu, na bila ramani sehemu inayofuata haiwezekani.

Mahali

Watu wanadhani sehemu ngumu ni kuelewa tatizo. Hapana, sehemu ngumu ni kujua liko wapi. Ukiwa pale kiwandani "hapa" inatosha kabisa, kila mtu anaona kidole. Kwenye rekodi, tena kama ni sauti tupu, unasikia "hapa pana maji yametuama, na pale pia, na mle ndani sijui kama mnafagia". Sehemu tatu hizo, na hakuna hata moja yenye jina.

Kinachokuokoa ni kujua maji yanapita wapi. Kwenye kiwanda cha maji mkaguzi mzoefu mara nyingi anafuata njia ya maji yenyewe, kutoka kisimani au bomba la DAWASA, tangi la maji ghafi, chujio la mchanga, la mkaa, mashine ya RO inayosukuma maji kwenye utando mwembamba, taa ya UV, ozoni, chumba cha kujazia na kufunga vizibo, lebo, kufunga katoni, stoo. Ukijua mpangilio huo, ukisikia "hapa" dakika ya 13 unajua wametoka RO na hawajafika kujazia, kwa hiyo hapo katikati ni eneo la UV na tangi la ozoni. Sauti nayo inasaidia sana. Mashine ya kujazia ina mlio wake wa chupa kugongana, chumba cha kompresa kinameza maneno, stoo yenye paa la bati inatoa mwangwi. Ukisikia mlio umebadilika ghafla jua mlango umevukwa, hata kama hakuna aliyesema "tuingie huku".

Alafu kuna majina ya mtaani ya ndani ya kiwanda. Kwenye rekodi hii supavaiza anasema "hiyo ipo kule kwa kina mama", mkaguzi anaitikia, wanaenda. Kwa kina mama ni wapi? Ni eneo la kubandika lebo, kwa sababu wanaofanya kazi pale wengi ni akina mama. Ukiandika kwenye ripoti "kwa kina mama", mkurugenzi anayesoma akiwa Nairobi hataelewa, na ukibadilisha kuwa "eneo la lebo" peke yake, fundi wa kiwandani anaweza kujiuliza lebo ipi, maana kuna mashine ya lebo na kuna meza ya kubandika kwa mkono. Kwa hiyo naandika vyote: eneo la kubandika lebo kwa mkono, kiwandani wanapaita kwa kina mama, meza iliyo karibu na mlango wa kutokea. Ni ndefu ila mtu akitumwa anafika.

Hicho ndo kipimo changu cha safu ya mahali. Mtu ambaye hakuwepo kwenye ukaguzi, akipewa mstari huo mmoja, atembee asimame kwenye tatizo bila kuuliza. "Stoo" haitoshi. "Stoo ya bidhaa zilizokamilika, ukuta wa nyuma, paleti za maji ya lita moja na nusu" inatosha.

Na pale ambapo rekodi haisemi, usibuni. Kuna sehemu dakika ya 18 mkaguzi anasema kifuniko cha taa kimepasuka, na kamera muda huo inaangalia sakafu. Chumba cha kujazia kina taa sita. Ipi? Haijulikani. Naandika "chumba cha kujazia, taa ya dari, haikutajwa ipi, dakika 18:20" alafu mkaguzi atajaza mwenyewe. Kishawishi cha kuandika "taa iliyo juu ya mashine" kipo, maana ndo yenye mantiki zaidi, kifuniko kikimeguka kinadondokea kwenye chupa zilizo wazi. Lakini mantiki yako sio alichokiona mkaguzi. Wakifika wakakuta ya juu ya mashine ni nzima, watafunga hoja wakati ile iliyopasuka bado ipo.

Tatizo: kilichoonekana, kilichosemwa, kilichodhaniwa

Hapa ndo ningependa ukae na mimi kidogo. Kwenye kila dakika ya rekodi kuna vitu vitatu vimechanganyika. Kuna alichokiona mkaguzi kwa macho, kuna alichoambiwa na wenyeji, na kuna alichokifikiria. Miongozo ya ukaguzi kama ISO 19011 ya 2018 inajengwa juu ya wazo hilohilo, kwamba unachukua ushahidi, unaulinganisha na takwa fulani, ndo unapata hoja. Bila ushahidi ni maoni, na bila takwa ni umbea tu wa kiwandani.

Tuchukue taa ya UV. Maongezi yalikwenda hivi, kuanzia 10:05:

Mkaguzi: "Mzee wangu, hii taa inasoma masaa mangapi hapa?"
Supavaiza: "Elfu kumi na moja na... mia mbili arobaini."
Mkaguzi: "Na hapa kwenye kibati wameandika elfu tisa ibadilishwe. Si imeshapita hii?"
Supavaiza: "Hapana dada, taa tulibadilisha mwezi wa tatu, ni hii saa ndo haikurudishwa sifuri."
Mkaguzi: "Karatasi ya siku mliyobadilisha ipo?"
Supavaiza: "Ipo kwa fundi, leo hayupo."
Mkaguzi: "Haya. Maana inawaka vizuri, ila kuwaka sio kazi."

Kabla ya kuandika lazima uelewe wanaongelea nini. Taa ya UV ya kuua vijidudu inatoa mwanga wa urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi, ambao jicho halioni. Ule ubluu unaouona ni mabaki tu. Taa ikizeeka ule mwanga wa kuua unapungua lakini ubluu unaendelea kuonekana vilevile, ndo maana mkaguzi kasema kuwaka sio kazi, na ndo maana watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha masaa, mara nyingi elfu tisa kama hapa. Mwaka mzima una masaa 8,760, kwa hiyo taa isiyozimwa inabadilishwa takriban mara moja kwa mwaka. Masaa 11,240 ni mwaka mmoja na zaidi ya miezi mitatu.

Sasa utaandikaje? Mtu mwenye haraka anaandika: "Taa ya UV imepitiliza muda wake." Hiyo haipo kwenye rekodi. Inawezekana kabisa mzee yuko sahihi, taa ni mpya na ni kihesabio tu hakikurudishwa sifuri, jambo hilo hutokea sana. Mwingine anaandika: "Kihesabio cha taa ya UV hakikurudishwa sifuri baada ya kubadilisha taa." Hiyo nayo sio, hiyo ni kauli ya supavaiza imegeuzwa kuwa ukweli. Kinachosimama ni hiki:

"Kihesabio cha taa ya UV kilisoma masaa 11,240. Kibati cha mashine kinataka taa ibadilishwe kwa masaa 9,000. Kumbukumbu ya kubadilisha taa haikuonyeshwa wakati wa ukaguzi. Supavaiza alieleza kwamba taa ilibadilishwa mwezi wa tatu na kihesabio hakikurudishwa."

Sentensi ya kwanza ni kilichoonekana, ya pili ni takwa, ya tatu ni pengo lenyewe, ya nne ni maelezo ya mwenyeji yakiwa na mwenyewe. Kesho fundi akija na karatasi ya mwezi wa tatu, hoja haivunjiki, inajibiwa. Na asipokuja nayo, hakuna anayeweza kusema mlituonea. Na angalia pia, sikuandika kwamba maji si salama. Hakuna aliyepima maji kwenye dakika hiyo.

Saa nne ya nani

Huu mtego ni wa kwetu sisi, mtu wa nje hata haujui. Dakika ya 16 kamera inasogea kwenye karatasi ya vipimo vya kila saa iliyobandikwa nje ya chumba cha kujazia. Kuna safu ya saa, ya TDS yaani madini na chumvi zilizoyeyuka kwenye maji, ya pH na ya ozoni. Mistari iliyojazwa ni saa 1, 2, 3 na 4. Mkaguzi anasema "mmh, na ya saa nne tayari?" kijana wa kwaliti anacheka kidogo, wanapita. Sekunde nane tu.

Ripoti inaandikwa kwa ajili ya watu wanaosoma saa kwa mtindo wa 24. Mtu akiandika "kipimo cha 4:00 kilijazwa" msomaji atadhani ni alfajiri au jioni, na hoja yenyewe imekufa palepale. Saa 4 ile ni saa nne asubuhi, yaani 10:00. Na video ile, ukiangalia muda wa faili na saa ya ukutani inayoonekana nyuma ya kijana, ilipigwa 09:20, yaani saa tatu na dakika ishirini. Kipimo cha saa nne kimeandikwa dakika arobaini kabla ya saa nne kufika.

Lakini kabla sijaandika hivyo nahakikisha mambo mawili. La kwanza, karatasi inahesabu kwa mtindo upi? Shifti ya asubuhi pale inaanza saa moja na mstari wa kwanza umeandikwa 1, kwa hiyo ni mtindo wetu. Kama mstari wa kwanza ungekuwa 7, ningejua wanatumia ule mwingine, na 4 ingekuwa na maana tofauti. La pili, tarehe ya juu ya karatasi ni ya siku ileile? Maana karatasi ya jana ikibaki imebandikwa, mstari wa saa nne uliojazwa hauna ajabu yoyote. Nikasimamisha picha, nikaikuza, tarehe ni ya siku ya ukaguzi. Hapo ndo naandika: "Saa 09:20 (saa tatu na dakika ishirini asubuhi) mstari wa saa 10:00 (saa nne asubuhi) kwenye karatasi ya vipimo ya siku hiyo ulikuwa umeshajazwa TDS, pH na ozoni." Sisemi wanapika data. Kupika ni nia, na nia haijarekodiwa. Msomaji yeyote anayejua kazi akifika mwisho wa sentensi hiyo ameshaelewa.

Kilichonivutia ni kwamba mkaguzi mwenyewe hakuipa uzito kwa sauti, alisema "mmh" tu. Je, ni hoja? Hapo mimi siamui. Naiweka kwenye orodha ya pembeni, "vilivyoonekana ila mkaguzi hakutamka kama hoja", pamoja na dakika. Yeye ndo mwenye ukaguzi. Mara nyingi mtu akiisoma anasema ee bwana hiyo nilitaka kuirudia, nikasahau.

Kilichoombwa

Safu ya tatu ndo inayoharibiwa kuliko zote, kwa sababu kila mtu anatamani kuijaza. Tatizo limeandikwa, mahali pameandikwa, kisanduku cha hatua kiko wazi, mkono unawasha. Unaandika "mafunzo kwa wafanyakazi". Nani kaomba mafunzo? Hakuna.

Kwenye rekodi kuna aina nne za maneno yanayofanana na ombi, na yana uzito tofauti. Kuna ombi lenyewe: "nataka nione karatasi ya kubadilisha taa kabla ya Ijumaa". Kuna ombi la adabu, ambalo kwa Kiswahili chetu ni la kawaida sana mbele ya mtu mzima: "mzee wangu, ingependeza hizi paleti zikasogea ukutani zikaacha nafasi mtu apite". Hilo ni ombi, limevaa kanzu tu. Kuna ushauri: "ningekuwa mimi ningehamishia vizibo chumba kingine". Huo sio ombi, na wakaguzi wengi wanajizuia kuelekeza ufumbuzi maana kesho watakuja kukagua walichoshauri wenyewe. Na kuna ahadi ya mwenyeji: "hilo tutalifanyia kazi".

"Tutalifanyia kazi" ukiishi Dar unajua ilivyo. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa njia ya kumaliza maongezi. Kwenye muhtasari haiingii safu ya kilichoombwa kabisa, inaingia kwenye majibu ya mwenyeji, na kama hakutaja tarehe naandika "bila tarehe". Ukiichanganya na ombi, ripoti itasomeka kana kwamba mkaguzi na kiwanda wamekubaliana jambo, kumbe mmoja kaomba na mwingine kaitikia tu.

Nitofautisheje ombi la adabu na ushauri? Naangalia nini kinafuata. Kwenye paleti, baada ya "ingependeza" mkaguzi anaongeza "nikirudi nitaangalia". Hilo ni ombi, limefungwa. Kwenye vizibo, baada ya "ningekuwa mimi" anacheka anasema "ila hiyo ni yenu nyie". Huo ni ushauri, na unaenda pembeni. Ambapo hakuna kinachofuata, naandika maneno yake yalivyo kwenye alama za kunukuu, namwachia mwenyewe.

Kuhusu zile paleti kuna jambo dogo. Mkaguzi alisema nafasi ya mtu kupita. Wanaojua maghala mkono unakimbilia kuandika sentimita kadhaa, kwa sababu vitabu vingi vya usafi wa chakula vina namba yake. Mkaguzi hakutaja namba, kwa hiyo hakuna namba. Ukiweka namba yako, kiwanda kitapimwa kwa rula ambayo hakuna aliyewapa.

Alafu kuna tofauti kati ya kuziba na kuondoa chanzo. Kiwango cha usimamizi wa ubora, ISO 9001 ya 2015, kifungu cha 10.2, inataka vyote: kwanza udhibiti tatizo lenyewe, kisha utafute chanzo na ukiondoe lisijirudie, kisha uangalie kama kweli limekoma, na ubaki na kumbukumbu. Kwenye taa ya UV, kuleta karatasi au kubadilisha taa leo ni kuziba. Kuhakikisha kila taa ikibadilishwa kihesabio kinarudishwa sifuri na kuna mtu anasaini, hata siku fundi hayupo, hiyo ndo inayogusa chanzo. Mkaguzi aliomba lipi? Dakika ya 10:50 aliomba karatasi kabla ya Ijumaa. Dakika ya 44, kwenye kikao cha kufunga, akasema "na nataka mniambie mtafanyaje isitokee tena kwamba fundi akiondoka hamna kumbukumbu". Ni maombi mawili kwa hoja moja, dakika 33 zikiwa katikati. Mstari kamili ukatoka hivi:

Hoja: kama ilivyoandikwa pale juu.
Mahali: chumba cha kutibu maji, kifaa cha UV kilichopo baada ya RO na kabla ya tangi la ozoni.
Kilichoombwa: (1) kumbukumbu ya kubadilisha taa ionyeshwe kabla ya Ijumaa, (2) kiwanda kieleze kitafanyaje ili kumbukumbu ipatikane fundi asipokuwepo. Tarehe ya (2) haikutajwa.
Majibu ya mwenyeji: taa ilibadilishwa mwezi wa tatu, karatasi ipo kwa fundi.
Dakika: 10:05–10:55 na 44:10.

Namba ya dakika usiidharau. Ndo inayomfanya meneja anayebisha abonyeze asikie mwenyewe, na inaokoa simu nyingi.

"Ijumaa" nayo haitoshi, ripoti inaweza kusomwa wiki mbili baadaye. Naangalia tarehe ya rekodi, naandika Ijumaa ya tarehe fulani. Ila "wiki ijayo" naiacha ilivyo na kuuliza, maana kwa mmoja ni Jumatatu na kwa mwingine ni popote ndani ya siku saba. Na namba zinazosikika kwenye kelele, hasa sita na tisa, kwenye chumba cha kompresa zinakuwa kitu kimoja. Kuna mahali mkaguzi anatoa siku sita, au tisa, nimesikiliza kwa spika za masikioni mara kadhaa na bado. Nimeandika "siku sita au tisa, haisikiki vizuri, 33:18". Sioni aibu. Aibu ni kuandika sita kwa kujiamini alafu kiwanda kipewe barua ya kuchelewa siku ya saba.

Vinavyojirudia, na majina

Sabuni ya kunawia haikuwepo mlango wa chumba cha kujazia, na baadaye haikuwepo mlango wa lebo. Ni hoja moja au mbili? Mimi naandika moja yenye mahali pawili, kwa sababu takwa ni lilelile na aliyeombwa ni yuleyule, ila kila mahali panabaki na dakika yake. Ukizigawa, orodha inavimba na kiwanda kinaonekana kibaya kuliko kilivyo. Ukizimeza kuwa "milango" tu, watajaza sabuni mlango mmoja wapige picha.

Watu naandika kwa kazi zao. Opereta aliyekutwa na saa mkononi kwenye mashine ya kujazia anaitwa kwa jina mara tatu kwenye rekodi, lakini kwenye muhtasari ni "opereta mmoja wa mashine ya kujazia". Ukiweka jina, hatua itakayochukuliwa ni barua ya onyo kwa kijana mmoja, na hakuna atakayeuliza kwanini mlangoni hakuna pa kuweka saa na pete.

Majina ya taasisi yanataka macho pia. Supavaiza anasema mara mbili "watu wa TFDA walikuja mwezi uliopita". Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS mwaka 2019, na TFDA yenyewe, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba, lakini mazoea ni mazoea, wengi bado wanataja jina la zamani. Sirekebishi kauli yake kimyakimya. Naandika "supavaiza alitaja ukaguzi wa TFDA", na pembeni naweka alama kwamba huenda alimaanisha TBS, ripoti yao iombwe. Labda walikuja TBS, labda anaongelea kitu cha miaka ile, karatasi ndo itakayosema.

Uzito wa hoja, kubwa au ndogo, naweka pale tu mkaguzi alipotamka. Kwenye dakika 52 ametamka mara moja, kwenye vizibo vilivyoachwa kwenye mfuko wazi sakafuni, "hii kwangu ni kubwa". Nyingine zote kisanduku kiko wazi. Muhtasari wenye visanduku wazi unaonekana haujakamilika, na bosi anaweza kulalamika, ila ukimrudishia mkaguzi ajaze mwenyewe anamaliza kwa dakika chache, maana yeye aliviona. Namtumia jioni ileile kabla hajaingia kiwanda kingine, kwa sababu akishatembea viwanda viwili zaidi hata yeye hatakumbuka ilikuwa taa ipi.

Kinachoenda kiwandani ni nakala ambayo mkaguzi ameshaipitia. Ile orodha ya pembeni, yenye "mmh" ya saa nne na ushauri wa vizibo, haitoki ofisini mpaka yeye aseme kipi kipande juu kiwe hoja na kipi kifutwe. Kwenye kazi hii alipandisha ya karatasi ya vipimo, akaipa uzito wa kubwa, akaomba karatasi za siku thelathini zilizopita. Ushauri wa vizibo akaufuta.